Barua pepe inasema unadaiwa kodi: jinsi ya kujua kama ni ya TRA kweli, na cha kufanya baada ya hapo

Wengi wanaotapeliwa kwa barua pepe za kodi huwa wameikagua barua kabla ya kulipa. Wameangalia nembo, wameona muhuri wa bluu, wamesoma jina la ofisi na wameikuta TIN yao imeandikwa sawasawa. Tatizo ni kwamba vyote hivyo vinanakilika. Nembo iko kwenye tovuti, muhuri unachorwa kwa dakika kumi, na TIN yako iko kwenye kila risiti ya EFD unayompa mteja.

Kwa hiyo mwongozo huu unatenganisha maswali mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni nani ametuma barua hii. La pili ni kama deni lipo. Barua yenyewe inaweza kukusaidia kidogo kwenye la kwanza, lakini la pili haiwezi kulijibu hata siku moja.

Tutatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mama mmoja ana duka la vipuri vya pikipiki Ngarenaro, Arusha. Tarehe 27 Septemba anapokea barua pepe yenye kichwa "HATI YA MADAI YA KODI – HATUA ZA HARAKA". Inamdai shilingi 1,860,000, inampa saa 24, na inatishia kufunga duka na akaunti ya benki. Tarehe hiyo haikuchaguliwa kwa bahati. Awamu za kodi ya mapato kwa mfanyabiashara anayefunga hesabu Desemba huisha 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba, na tapeli anajua kwamba siku tatu kabla ya tarehe hizo kila mtu ana wasiwasi wa kodi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kompyuta, au simu yenye kivinjari kinachoweza kufungua tovuti kwa muonekano wa kompyuta. Programu ya Gmail ya kwenye simu haikuonyeshi kila kitu tutakachohitaji.
- Cheti chako cha TIN na kitambulisho cha NIDA.
- Nywila yako ya mfumo wa walipakodi wa TRA. Kama mhasibu ndiye anaitunza, mpigie sasa hivi.
- Risiti za malipo ya kodi ya mwaka huu, au picha zake.
- Daftari. Utaandika saa, namba na majina ya watu uliozungumza nao.

Kazi yote huchukua nusu saa ukiwa na nywila. Usipokuwa nayo, ni asubuhi moja ya kwenda ofisini.

## Hatua ya 1: Iache barua kama ilivyo

Usibofye kiungo, usifungue kiambatisho, usijibu, na usiifute. Kujibu hata neno "nimepata" kunamwambia tapeli kwamba anwani hii ina mtu anayesoma na anayeogopa. Kuifuta kunapoteza ushahidi utakaohitajika polisi.

Kuwa mwangalifu zaidi na viambatisho vinavyoishia na `.zip`, `.html`, `.exe` au `.apk`. Hati ya madai ni karatasi. Haihitaji kusakinishwa kwenye simu. Faili la `.html` ni ujanja wa aina yake: likifunguliwa linaonyesha ukurasa unaofanana na wa kuingilia mfumo wa TRA, ukiwa ndani ya simu yako mwenyewe, na nywila unayoandika inasafiri kwa mtu mwingine. Hata PDF safi inaweza kuwa na kiungo ndani yake, kwa hiyo nayo isubiri.

Dalili kwamba umeifanya hatua hii vizuri: barua bado ipo, hujagusa kitu, na umepiga picha ya skrini inayoonyesha tarehe na saa.

## Hatua ya 2: Soma anwani kuanzia kulia

Jina linaloonekana juu ya barua, mfano "TRA ARUSHA", halina maana yoyote. Aliyetuma alijiandikia mwenyewe, kama unavyoweza kuhifadhi namba ya jirani kwenye simu yako kwa jina la "Waziri". Gusa jina hilo ili anwani kamili itokee.

Chukua sehemu iliyo baada ya alama ya `@` na uisome kutoka kulia kwenda kushoto, kipande kwa kipande kati ya nukta. Taasisi za serikali ya Tanzania hutumia anwani zinazoishia na `.go.tz`, na TRA ni `tra.go.tz`. Neno `go` na neno `tz` lazima yawe ya mwisho kabisa, yametenganishwa na nukta.

Linganisha hizi tatu. Nimeweka `example` mahali pa jina la kitapeli ili msomaji asijaribu kuifungua:

```
notice@tra.go.tz
notice@tra-go-tz.example
notice@tra.go.tz.malipo.example
```

Ya kwanza inaishia `tra.go.tz`. Ya pili ina vistari mahali pa nukta, na mwisho wake si `tz`. Ya tatu ndiyo inayowaangusha watu wengi, kwa sababu jicho linasoma kutoka kushoto, linaona `tra.go.tz`, linaridhika na kuacha. Mwenye anwani hiyo ni yule wa mwisho, `malipo.example`. Maneno ya mbele ni mapambo.

Kanuni hii ndiyo unayotumia kwa barua za halmashauri pia, iwe ni leseni ya biashara au ushuru wa huduma. Jiji la Arusha ni `arushacc.go.tz` na Manispaa ya Moshi ni `moshimc.go.tz`. Kwa BRELA ni `brela.go.tz`.

Mama wa Ngarenaro akagusa jina, akakuta aina ya pili. Angeweza kuishia hapo, na kwa barua nyingi hatua hii inatosha kabisa. Lakini kuna barua ambazo anwani inayoonekana ni `tra.go.tz` kweli, na hizo ndizo zinazohitaji hatua inayofuata.

## Hatua ya 3: Fungua maelezo ya safari ya barua

Sehemu ya "From" katika barua pepe inaweza kughushiwa, kama vile mtu anavyoweza kuandika anwani yoyote nyuma ya bahasha. Ila seva iliyoipokea barua huweka kumbukumbu ya ilikotoka, na kumbukumbu hiyo unaweza kuisoma.

Kwenye Gmail, ifungue kwa kivinjari (si programu ya simu), bofya vitone vitatu vilivyo kulia kwa barua, kisha `Show original`. Utaona jedwali dogo lenye SPF, DKIM na DMARC, vipimo vitatu vya kama barua imetoka kweli kwenye anwani iliyoandikwa. Chini yake kuna maandishi mengi. Usiyaogope, unatafuta mistari minne tu. Kwenye barua ya mama, ilionekana hivi:

```
From: "TRA ARUSHA" <notice@tra-go-tz.example>
Reply-To: ofisi.kodi@barua.example
Return-Path: <notice@tra-go-tz.example>
Authentication-Results: spf=pass; dkim=pass; dmarc=pass
```

Hapa ndipo mtu aliyesikia habari nusu anapojidanganya. Ameona `pass` tatu akashangilia. Lakini `pass` haina maana kwamba barua ni ya TRA. Ina maana kwamba barua imetoka kweli kwa mwenye anwani iliyoandikwa, na mwenye `tra-go-tz.example` ni tapeli aliyeinunua na kuisajili vizuri. Kila unapoona `pass`, jiulize: pass ya nani?

Kwa hiyo soma hivi. Kama "From" si `tra.go.tz`, matokeo ya SPF na wenzake hayana kazi, barua imeshaanguka. Kama "From" ni `tra.go.tz` lakini DMARC ni `fail`, mtu ameandika anwani ambayo huenda si yake. Ichukulie kuwa bandia mpaka ofisi iseme vinginevyo. Kama ni `tra.go.tz` na DMARC ni `pass`, imetoka huko kwa uwezekano mkubwa, nenda hatua ya 4. Kwa uwezekano mkubwa tu, kwa sababu hata sanduku la barua la mtumishi linaweza kuibiwa nywila.

Mstari wa `Reply-To` nao una neno lake. Ndiyo anwani itakayopokea jibu lako. Barua inayosema imetoka ofisi moja, huku jibu likielekezwa kwenye anwani isiyohusiana nayo, ina mtu anayejificha.

Kosa la kawaida kwenye hatua hii ni kukagua barua uliyosambaziwa. Mhasibu anaipokea, anabofya kutuma mbele, nawe unafungua `Show original` ya nakala yako. Unachosoma hapo ni safari ya kutoka kwa mhasibu kuja kwako, si ya TRA kwenda kwa mhasibu. Mwambie aifungue yeye mwenyewe, au akutumie barua ya asili ikiwa kiambatisho.

## Hatua ya 4: Thibitisha deni bila kuitumia barua

Sasa weka barua pembeni. Usitumie kiungo chake, wala namba ya simu iliyoandikwa ndani yake, wala jina la "afisa" anayetajwa. Una njia tatu, na moja inatosha.

Mfumo wa walipakodi. Andika mwenyewe `www.tra.go.tz` kwenye kivinjari, herufi kwa herufi, kisha ufuate kiungo cha mfumo wa walipakodi kutoka hapo. Usiutafute kwa Google na kubofya cha juu, kwa sababu cha juu kinaweza kuwa tangazo la kulipiwa. Ingia kwa TIN na nywila, angalia akaunti yako ya kodi: makadirio, kilicholipwa, kilichobaki. Linganisha vitu vitatu na barua: aina ya kodi, kipindi, na kiasi.

Simu. TRA ina namba za bure: 0800 750 075, 0800 780 078 na 0800 110 016. Uliza swali lililonyooka: "Nimepokea barua pepe ya tarehe 27 Septemba yenye kumbukumbu namba hii, inadai kiasi hiki. Je, imetoka kwenu?" Anayepokea anaweza kukataa kukutajia madeni yako kwenye simu, kwa kuwa taarifa za mlipakodi ni siri na hawezi kukuona uso. Akikuelekeza ofisi ya mkoa, si kwamba amekukwepa.

Ofisini. Nenda ofisi ya TRA ya mkoa wako, mjini Arusha au mjini Moshi, ukiwa na cheti cha TIN, kitambulisho na barua iliyochapishwa. Kama ofisi uliyozoea kuhudumiwa ni ya wilayani, anzia huko, maana ndiko liliko faili lako. Fika asubuhi, siku tatu za mwisho wa robo mwaka foleni hufika mlangoni.

Mama alipoingia kwenye mfumo alikuta awamu ya Septemba ya shilingi 150,000 haijalipwa. Hakuna deni la 1,860,000. Hili ni jambo la kuzingatia: kuwa na deni fulani hakuithibitishi barua. Tapeli anayetuma barua elfu moja mwisho wa Septemba atawapata wengi wenye deni la kweli, na mtu mwenye deni la kweli akiona barua anajisemea "walijuaje?" Hawakujua. Wamebahatisha.

## Hatua ya 5: Pima kontrol namba

Malipo ya serikali hulipwa kwa kontrol namba, yaani namba ya kumbukumbu ya malipo yenye tarakimu 12. Barua inayokutaka utume pesa kwenye namba ya simu ya mtu, "lipa namba" ya duka, au akaunti ya benki yenye jina la mtu binafsi, ni ya kitapeli bila mjadala. Hata kama anwani ilikuwa safi, hata kama deni lipo.

Ila siku hizi matapeli wenye akili wanaweka kontrol namba kwenye barua. Na inaweza kuwa halisi. Fikiria: mtu ana deni lake mwenyewe serikalini, ametengenezewa kontrol namba, kisha anakutumia wewe uilipe. Malipo yatapita, risiti itatoka, na fedha zitaingia serikalini kweli. Kilichofutika ni deni lake. Lako, kama lilikuwepo, liko palepale.

Kwa hiyo hapa unakagua jina, si namba tu. Ingiza kontrol namba kwenye menyu ya malipo ya serikali ya simu yako, lakini simama kabla ya PIN. Soma jina la mlipaji, taasisi na kiasi. Kama mtandao wako hauonyeshi jina, mpelekee wakala wa benki aiulize kwenye mashine yake, na fedha zibaki mfukoni mwako mpaka akusomee jina. Likiwa si lako au la biashara yako, usilipe. Ikisemekana namba haipo au muda wake umeisha, usilipe.

Njia salama kuliko zote ni kutoitumia kabisa kontrol namba uliyotumiwa. Tengeneza yako ndani ya mfumo wa walipakodi, au omba ofisini wakutengenezee. Mama alifanya hivyo kwa ile 150,000 yake: aliona jina lake, aina ya kodi na kiasi, akalipa. Siku mbili baadaye aliingia tena kwenye mfumo kuona kama malipo yameshukia kwenye awamu ya Septemba. Usiruke ukaguzi huu wa mwisho, kwa sababu malipo yakiingia kwenye kipindi kisicho chake, awamu uliyodhani umeilipa itaendelea kusomeka kama deni.

## Kama barua ni ya kweli na deni lipo

Hapa watu wengi hukosea upande wa pili. Wameambiwa matapeli ni wengi, basi kila barua wanaipuuza. TRA hutuma barua pepe na ujumbe wa simu, na muda wa kisheria unaendelea kuhesabika ukiwa umekaa kimya.

Ukikubali deni, lipa kwa kontrol namba yako. Ukikubali lakini huna fedha zote, andika barua kwa Kamishna Mkuu wa TRA kuomba kulipa kwa awamu, ukipendekeza tarehe na viwango unavyoweza kuvitimiza. Peleka kabla ya tarehe ya mwisho, siyo baada.

Usipokubaliana na makadirio, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inakupa siku 30 tangu ulipopokea uamuzi kuwasilisha pingamizi kwa maandishi, ukieleza sababu. Ili pingamizi lipokelewe unatakiwa kulipa kiasi usichokibishia au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa. Tuseme makadirio halisi ni 1,860,000. Theluthi yake ni 620,000. Kama unakubali kwamba 400,000 ni halali, unalipa 620,000, kwa kuwa ndicho kikubwa. Kama unakubali 900,000, unalipa 900,000. Ukiwa na sababu ya msingi ya kushindwa, unaweza kumwomba Kamishna Mkuu akupunguzie au akusamehe amana hiyo, lakini ombi lipeleke mapema, usisubiri siku 30 ziishe.

Andika tarehe uliyoipokea barua siku hiyohiyo. Mgogoro wa siku 30 mara nyingi huwa mgogoro wa siku ya kwanza ilikuwa lini.

## Kama ni bandia, na hujalipa

Iripoti kama barua taka ndani ya Gmail baada ya kuhifadhi nakala: kwenye ukurasa wa `Show original` kuna kitufe cha kupakua faili la barua. Wapelekee TRA nakala hiyo kwa namba au ofisi ulizotumia hatua ya 4. Kama tapeli alikufuatilia pia kwa SMS, tuma ujumbe wake na namba yake kwenda 15040 ya TCRA, ni bure.

## Kama umeshabofya au umeshalipa

Saa ya kwanza ndiyo yenye thamani, na mpangilio ni huu.

1. Umelipa kwa simu: piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, uwape namba ya muamala na uombe fedha zizuiwe kabla hazijatolewa. Usimpigie tapeli kwanza kumbembeleza. Utakuwa umemwambia akimbilie kwa wakala.
2. Umelipa kwa benki: piga simu benki, kisha nenda tawini na maelezo ya maandishi.
3. Umeandika nywila: ibadilishe kutoka kifaa kingine, ukianza na ya barua pepe, kwa sababu mwenye barua pepe yako anaweza kuomba nywila mpya za mifumo mingine yote. Kisha ingia kwenye mipangilio ya Gmail uangalie kama hakuna anayejitumia nakala za barua zako.
4. Umesakinisha programu: zima data na Wi-Fi, iondoe, na kabla ya kutumia tena pesa za simu kwenye kifaa hicho badilisha PIN ukiwa kwenye simu nyingine au kwa wakala mkuu.
5. Nenda kituo cha polisi uandikishe taarifa na upewe RB. Beba picha za skrini, faili la barua, ujumbe wa muamala na daftari lako. Benki na mtandao wa simu watakuuliza RB hiyo kabla hawajaendelea na uchunguzi.

Baada ya hapo rudi hatua ya 4 na uangalie akaunti yako ya kodi. Fedha ulizompa tapeli hazijapunguza chochote huko, na awamu ya tarehe 30 bado inakusubiri.